Umejikwaa na kidole cha mguu kimevunjika: lini ukifunge nyumbani, lini uende hospitali

Swali hili linanifikia kila mara, na karibu maneno ni yale yale: "Dokta, jana usiku umeme ulikatika, nikajikwaa kwenye tendegu la kitanda. Kidole kimevimba, kimekuwa cheusi. Nimekikanda kwa maji ya moto na chumvi lakini ndiyo kwanza kinauma. Nifanyeje?" Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja, kwa mpangilio, ili mwenye kujikwaa leo asome na kuanza.

Huku kwetu Mtwara na Lindi nyumbani tunatembea pekupeku, shambani na mtaani ni ndala. Ukipiga mguu kwenye kizingiti, kisiki cha mkorosho au jiwe, kinachoumia mara nyingi ni kidole kidogo cha nje, maana mguu unapita lakini chenyewe kinanaswa na kuvutwa upande. Habari njema ni kwamba mivunjiko mingi ya aina hiyo inapona bila plasta ngumu na bila upasuaji. Inatosha kukifunga kidole kilichoumia pamoja na jirani yake mzima, yule mzima akawa gango. Lakini si kila kidole kinafungwa hivyo, kwa hiyo usishike plasta kabla ya kusoma sehemu inayofuata.

Wasiofunga nyumbani

Kaa mahali penye mwanga, weka miguu yote miwili mbele yako na uilinganishe.

Anza na kidole gumba. Ukiwa umeumia hicho, kimevimba kwenye mfupa na huwezi kukikanyagia unapojisukuma kwenda hatua nyingine, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Kidole gumba ndicho kinachobeba mzigo mkubwa kila unapoinua kisigino. Mvunjiko ukiingia kwenye kiungo chake na ukaachwa uunge vibaya, kiungo kinakakamaa na maumivu yanabaki miaka. Nimeona watu wengi wakikifunga kwa kitambaa na kusubiri, kwa sababu jirani yao aliwahi kupona kidole kidogo kwa njia hiyo. Vidole hivyo viwili havilingani kazi.

Pili, tazama kama kidole kimepinda. Angalia kucha: kwa kawaida kucha za vidole vyote zinatazama juu kwa mpangilio mmoja. Kama moja imegeuka inatazama pembeni, au kidole kimelala upande tofauti na mwenzake wa mguu wa pili, mfupa umehama au kiungo kimeteguka. Usikivute, na usimwachie mtu akivute, hata kama ni fundi wa mifupa anayesifika kijijini. Hospitalini unachomwa sindano ya ganzi kwanza, kidole kinanyooshwa, kisha kinafungwa na kupigwa picha kuhakikisha kimekaa.

Tatu ni jeraha. Ngozi ikichanika karibu na mahali palipovunjika, vijidudu vina njia ya kufika kwenye mfupa. Osha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa gozi au kitambaa safi, nenda siku hiyo hiyo. Usiweke majivu, kahawa, dawa ya meno wala mafuta. Vyote hivyo sisi tunaanza kuviondoa kabla ya kukutibu, na unaumia mara mbili. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Hapa nawaomba wazazi wasimame kidogo. Mtoto anayecheza mpira pekupeku akipiga kisiki, na damu ikatoka pale kucha inapoanzia kwenye ngozi, msidhani ni kucha tu. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini ya kukulia, na kwenye kidole gumba sehemu hiyo iko chini kabisa ya shina la kucha. Inaweza kuvunjika hapo huku shina la kucha likichomoka, na kwa macho ukaona kijeraha kidogo tu. Huo ni mvunjiko wenye jeraha wazi. Unahitaji picha, kuoshwa vizuri, dawa za kuua bakteria, na wakati mwingine kushikizwa kwa pini. Ukiachwa, mfupa unaweza kuingia usaha na kidole kikabaki kifupi au kucha ikaota vibaya. Mtoto mwenye damu kwenye shina la kucha aende siku hiyo.

Wengine wa kwenda moja kwa moja ni hawa: kidole kilicho baridi, kilichopauka au chenye rangi ya bluu, au kilichokufa ganzi, mtu mwenye kisukari, hasa kama miguu yake imeanza kupungua hisia, aliyewahi kuugua ukoma akabaki na ganzi miguuni, na mwenye vidole kadhaa vilivyoumia kwa pamoja, kwa mfano aliyeangukiwa na gunia la korosho au nanga ya boti. Mtu asiyehisi miguu yake vizuri hatajua kama plasta imekaza, na kidonda kitaanza chini yake bila yeye kusikia.

Kipimo cha mwisho ni kwa kidole cha mkono. Bonyeza ubavu wa nje wa mguu, katikati kati ya kisigino na kidole kidogo, pale penye mfupa unaojitokeza. Kama maumivu makali yako hapo, aliyeumia si kidole bali ni mfupa mrefu wa kitanga cha mguu, na kufunga vidole hakutausaidia. Nenda kwenye picha.

Zahanati zetu nyingi zinaweza kusafisha jeraha na kukuandikia rufaa, lakini picha ya eksirei kwa kawaida inakulazimu ufike hospitali. Kwa Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Upande wa Masasi kuna Ndanda. Lindi mjini ni Sokoine, na upande wa Mtama kuna Nyangao. Ulizia kwanza kama mashine inafanya kazi siku hiyo kabla ya kulipa nauli.

Umebaki na kidole kidogo au kimojawapo cha vile vitatu vya katikati, kimenyooka, ngozi nzima, joto lipo na hisia ipo? Endelea hapa chini. Hutalazimika kujua kwa uhakika kama kimevunjika au kimechubuka tu. Ukibonyeza ncha ya kidole polepole kuelekea kwenye mguu na maumivu yakachoma sehemu moja ya mfupa, huenda kimevunjika. Matibabu ya nyumbani ni yale yale, na picha haitayabadilisha.

Vitu vya kuandaa

- Plasta ya roli, ile ya kitambaa yenye gundi, upana wa sentimita 2.5. Inapatikana duka la dawa.
- Gozi, au pamba kidogo kama gozi imekosekana.
- Mkasi.
- Barafu, au chupa ndogo ya maji iliyogandishwa, na taulo la kuizungushia.
- Mto au khanga mbili zilizokunjwa za kuinulia mguu.
- Vidonge vya parasetamo vya miligramu 500.
- Kiatu au sandali yenye soli ngumu. Katambuga za tairi zinafaa, ili mradi mkanda wake usipite juu ya kidole kinachouma. Ndala laini hazifai, kwa sababu soli inapojikunja na kidole nacho kinajikunja.

Hatua kwa hatua

1. Vua pete ya kidole mara moja, kabla uvimbe haujaishika. Ikigoma, paka sabuni au mafuta ya nazi na uizungushe taratibu. Ikikataa kabisa nenda ikakatwe, maana kesho itakuwa imezama zaidi.

2. Inua mguu juu ya usawa wa moyo na uweke barafu. Lala chali, mguu kwenye mto, barafu ikiwa ndani ya taulo kwa dakika 15 hadi 20. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho, kwa siku mbili za mwanzo. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, itaiunguza.

 Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kukanda kwa maji ya moto tumekurithi kwa wazee na kuna maumivu kunayoyafaa, lakini saa 48 za mwanzo mishipa midogo iliyopasuka bado inavuja damu ndani. Joto linaifungua zaidi, na kusugua kunausogeza mfupa uliovunjika. Ndiyo maana yule aliyekanda usiku anaamka kidole kimekuwa mara mbili. Mama mkwe akisisitiza, mwambie kwa heshima asubiri siku ya tatu, na hata hapo iwe vuguvugu bila kusugua.

3. Tuliza maumivu. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamo vidonge viwili kila baada ya saa sita, bila kuzidi vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye mwili mdogo chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi aulize kipimo chake kwanza. Mtoto hupimiwa kwa uzito. Diklofenaki na ibuprofeni usizinunue kiholela kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu au ujauzito. Kidole kisicho na jeraha hakihitaji amoksilini. Anayekuuzia hapo anakumalizia pesa.

4. Osha mguu kwa sabuni na uukaushe, hasa katikati ya vidole. Hatua hii watu wanairuka, kisha wananirudia na ngozi iliyooza. Kwa joto letu hili, unyevu ukifungiwa chini ya plasta kwa siku mbili unatosha kuharibu ngozi.

5. Chagua jirani. Kidole kidogo kinafungwa na cha nne. Cha nne kinafungwa na cha tatu, cha pili na cha tatu kinafungwa pamoja. Epuka kufunga kidole chochote na kidole gumba. Urefu wao na mwendo wao haufanani, na kila hatua kimoja kitamvuta mwenzake.

6. Weka gozi kati ya vidole viwili. Kata kipande chembamba, kikunje tabaka mbili tu, kifike kuanzia shina la vidole hadi karibu na ncha. Ukijaza pamba nyingi utavitenganisha na kukisukuma kile kilichovunjika upande.

7. Funga. Pasua plasta kwa urefu upate utepe wa upana wa sentimita 1 hivi, kisha kata vipande viwili. Cha kwanza kizungushe vidole vyote viwili karibu na shina, cha pili chini kidogo ya kucha. Acha viungo vya katikati wazi ili vidole viweze kujikunja kidogo. Utepe uulaze, usiuvute. Plasta ya kitambaa hainyumbuki, na uvimbe wa usiku ukiongezeka hautakuwa na pa kwenda. Ncha za utepe zikutane upande wa juu wa mguu, ambapo utaziona na kuzibandua kwa urahisi. Kucha na ncha za vidole zibaki wazi.

8. Pima damu. Bonyeza kucha hadi ipauke, achia, na rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kama umepaka hina au rangi ya kucha, bonyeza nyama ya ncha ya kidole upande wa chini. Rudia baada ya dakika 15, na tena kabla ya kulala. Ikichelewa kurudi, au kidole kikianza kuwaka na kufa ganzi, fungua plasta yote na funga upya ukiwa umelegeza. Ukifungua na rangi isirudi, usilale nayo, nenda hospitali usiku huo.

9. Badilisha kila siku moja au mbili. Bandua, osha, kausha, kagua ngozi, weka gozi mpya. Ukilowa mvua au ukivuka maji, badilisha siku hiyo hiyo bila kungoja.

10. Tembea kwa kiasi ukikanyagia kisigino zaidi. Hakuna haja ya kulala kitandani wiki nzima, wala magongo. Plasta inakaa wiki 2 hadi 4, kulingana na maumivu. Mfupa wenyewe unachukua kama wiki 4 hadi 6 kushika vizuri, na uvimbe mdogo wa jioni unaweza kuendelea miezi miwili au zaidi.

Mfano mmoja kwa kina

Mama lishe mmoja anayepikia wavuvi karibu na soko la samaki hapa Mtwara alijikwaa alfajiri kwenye kizingiti cha jiko, amebeba sufuria. Alikuja siku ya pili akichechemea, kidole kidogo cha mguu wa kulia kimevimba na damu imevilia mpaka katikati ya mguu. Rangi ile ndiyo iliyomtisha. Nikamweleza kwamba damu ya ndani hushuka na kusambaa kwenye ngozi, na kwamba ukubwa wa weusi hausemi ukubwa wa mvunjiko.

Tukaangalia pamoja. Kucha ilitazama juu kama ya mguu wa kushoto. Ngozi ilikuwa nzima. Nilipobonyeza ubavu wa mguu hakuumia, nilipobonyeza ncha ya kidole akaruka. Hana kisukari. Nikamfunga na kidole cha nne, nikamwonyesha namna ya kupasua utepe, kisha nikamfanya afunge yeye mwenyewe mbele yangu. Mara ya kwanza alivuta sana, ncha ikapauka, tukafungua, akarudia.

Kazini hakuweza kuacha, kwa hiyo tulikubaliana akate mboga akiwa amekaa, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mwanawe abebe maji. Alivaa sandali za tairi za mumewe, kubwa kidogo lakini ngumu. Siku ya nne maumivu ya usiku yalikwisha. Wiki ya pili weusi ukawa wa njano, akaendelea kufunga mchana tu. Wiki ya nne aliacha plasta. Kidole kilibaki kinene jioni kwa muda, na ndivyo nilivyokuwa nimemwambia tangu mwanzo.

Mambo yakienda kombo

*Plasta haikai, inabanduka kwa jasho.* Karibu kila mara ngozi ilikuwa na unyevu au mafuta ulipofunga. Osha kwa sabuni, kausha, subiri dakika chache ndipo ubandike. Usitumie poda chini ya gundi.

*Ngozi kati ya vidole imekuwa nyeupe, laini na inanuka.* Imelowa muda mrefu. Ondoa kila kitu, iache ipate hewa usiku mzima na mguu ukiwa umetulia, kisha funga mchana kwa gozi mpya. Ikichanika au ikatoa usaha, acha kufunga na uonwe.

*Inawasha na vipele vimetokea palipo na plasta.* Ngozi yako inaikataa gundi. Zungusha gozi nyembamba kwanza, kisha plasta juu yake, au tafuta plasta ya karatasi.

*Damu imevilia chini ya kucha na inagonga kama ngoma.* Usiitoboe nyumbani kwa sindano iliyochomwa motoni. Kama mfupa chini yake umevunjika, umewafungulia vijidudu mlango. Kituoni wataamua kama itobolewe kwa kifaa safi. Kucha yenyewe inaweza kung'oka baada ya wiki kadhaa. Usiing'oe, iache isukumwe na mpya.

*Siku ya nne au ya tano maumivu yanazidi badala ya kupungua.* Hii siyo kawaida. Fungua utazame: wekundu unaopanda, joto, usaha au homa ni dalili za maambukizi. Kama hakuna hayo, kagua tena kama kidole kimepinda sasa uvimbe ulipopungua, maana siku ya kwanza uvimbe unaweza kuficha mpindo. Vyote viwili ni vya hospitali.

*Wiki ya sita imefika na ukibonyeza mfupa bado unachoma, au huwezi kuvaa kiatu.* Nenda ukapigwe picha, hata kama hukupigwa mwanzo. Mweleze tabibu tarehe uliyojikwaa, kidole ulichokifunga nacho, ulifunga kwa wiki ngapi, na kama kuna mtu aliyekivuta au kukisugua. Kurudi kwenye mpira au kubeba magunia kungoje mpaka uweze kuruka kwa mguu huo mmoja, peke yake, bila maumivu kwenye kidole.